Hatakuja au Atakuja? Maneno Yanavyopotea Kwenye Spika ya Simu

Katika Kiswahili, kukanusha mara nyingi kunategemea sauti moja dhaifu. "Atakuja" na "hatakuja" zinatofautiana kwa h tu, pumzi isiyo na kishindo inayotangulia irabu. Watu wakizungumza ana kwa ana hakuna anayekosea. Lakini katika filamu inayotazamwa kwenye simu, h hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea, na ikishapotea hadithi inageuka: baba aliyesemwa harudi tena nyumbani anasubiriwa na mtazamaji mpaka mwisho wa kipindi.

Chukua tukio la tamthilia fupi ya YouTube, la aina inayotengenezwa kila wiki na vikundi vidogo vya wasanii. Mama na binti wako jikoni usiku. Mama anakoroga sufuria, hamtazami mtoto, anasema kwa sauti ya chini: "Usiweke sahani ya tatu. Baba yako hatakuja." Mvua inanyesha juu ya mabati, na nyuma ya maneno kuna fidla na kinanda. Mama amebanwa maiki ndogo kifuani, chini ya kanga; maiki ya pili imening'inizwa kwa fimbo juu ya kichwa chake. Kifaa cha kurekodia kimeiweka maiki ya kifuani upande wa kushoto na ile ya fimbo upande wa kulia. Mhariri amevaa hedifoni nzuri, kila neno analisikia, anapandisha video. Anayeitazama kwa simu ya bei nafuu, ndani ya daladala au chumbani feni ikizunguka, anasikia "Baba yako atakuja."

H haikupotezwa na kitu kimoja. Imepunguzwa kidogo hapa, kidogo pale, mpaka ikaisha, na kila hatua ina dawa yake.

Tuanze na spika yenyewe. Ngozi inayotetemeka ndani ya simu ni ndogo sana, na nafasi yake ya kwenda mbele na nyuma haifiki hata milimita moja au inaizidi kidogo tu. Sauti nene zinahitaji kusukuma hewa nyingi, na kiwambo hicho hakina uwezo huo. Kwa simu nyingi, chochote kilicho chini ya hezi 400 au 500 hivi, yaani mitetemo 400 au 500 kwa sekunde, kinafifia haraka. Sasa linganisha na koo la binadamu. Sauti ya msingi ya mwanamume anayezungumza huwa kati ya hezi 85 na 180, ya mwanamke kati ya 165 na 255. Maana yake ni kwamba mtetemo wa msingi wa karibu kila mtu mzima haufiki kabisa kwa mtazamaji wa simu.

Hilo si janga lenyewe. Ubongo una uwezo wa kuujaza msingi uliokosekana kwa kusikiliza mitetemo ya juu inayozaliwa pamoja nao. Kwa miongo mingi simu za waya zilipitisha hezi 300 hadi 3400 tu, na bado mtu alimtambua baba yake kwa neno la kwanza. Tunachopoteza ni unene na uzito, si maana. Maana imebebwa juu zaidi: irabu zinatambulika hasa kati ya hezi 300 na 2500, na konsonanti nyingi zinaishi kuanzia 2000 kwenda juu. Tofauti ya "paka", "taka" na "saka" ni mlio mfupi mwanzoni, tena wa juu. Irabu ndizo zenye nguvu, konsonanti ndizo zenye habari. Kazi yote ya kuchanganya mazungumzo kwa ajili ya simu ni kuzilinda hizo zenye habari zisifunikwe na hizo zenye nguvu, wala na kitu kingine chochote.

Kitu cha kwanza kilichoila h ya mama hakikutoka kwenye spika, kilitoka kwenye maiki mbili.

Simu yenye spika moja hujumlisha upande wa kushoto na wa kulia, ikatoa sauti moja. Hiyo ndiyo mono. Hata simu zinazotumia spika ya chini pamoja na ile ya kusikilizia sikioni zina umbali mdogo mno kati ya spika hizo, na spika ndogo ya Bluetooth nayo mara nyingi ni tundu moja. Kwa hiyo chukulia kwamba mtazamaji wako anasikia jumla, hata kama wewe umetengeneza pande mbili.

Katika tukio letu, mdomo wa mama uko sentimita 20 kutoka maiki ya kifuani na sentimita 54 kutoka ile ya fimbo. Tofauti ni sentimita 34, na sauti hewani husafiri umbali huo kwa takribani milisekunde moja. Neno lilelile, basi, limeingia upande wa kulia likiwa limechelewa milisekunde moja. Kwenye hedifoni hakuna ubaya: sikio la kushoto linapata moja, la kulia linapata jingine, na matokeo yake ni sauti pana inayopendeza. Simu inapozijumlisha, wimbi moja linakuta jingine limechelewa, na kwenye baadhi ya masafa moja linapanda wakati jingine linashuka. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu kutoka ndani na huyu kutoka nje: nguvu ipo, mlango hauendi. Kwa kuchelewa kwa milisekunde moja, masafa yanayofutwa ni hezi 500, 1500, 2500, 3500 na kuendelea hivyo kila baada ya 1000. Sauti inabaki na matundu kama chanuo.

H haina mlio wake maalumu. Ni pumzi inayopita katika mdomo uliokwisha kukaa mkao wa irabu inayofuata, na nguvu yake kidogo iko palepale penye matundu, karibu na hezi 1500 na 2500. Irabu a ina nguvu ya kutosha kuvumilia kukatwa hivyo. H haina.

Dalili ya ugonjwa huu ni sauti inayosikika kama mtu anazungumza ndani ya bomba au pipa, tena hubadilika mwigizaji akigeuza kichwa, kwa sababu umbali kutoka kwenye maiki unabadilika. Kuitambua ni rahisi. Karibu kila programu ya kuhariri ina kitufe cha kugeuza matokeo kuwa mono. Kibonyeze huku mama anazungumza. Ikiwa sauti imebadilika rangi, yaani imekuwa nyembamba au ya bomba, una maiki mbili zinazogombana. Ikiwa imebaki ileile na imesogea tu katikati ya kichwa, uko salama.

Dawa bora ni kuchagua. Kwa kila sentensi tumia maiki moja, nyingine izime, na uiweke katikati kabisa ili kushoto na kulia zipate kitu kilekile. Wapo wanaopenda kuziweka zote mbili na kuisogeza moja nyuma kwa muda uleule wa tofauti. Kwa faili ya sampuli 48,000 kwa sekunde, milisekunde moja ni sampuli 48, na programu zinaruhusu kusogeza kiasi hicho. Njia hiyo inafanya kazi mwigizaji akiwa ametulia. Mama anayekoroga sufuria hatulii, na kila akiinama hesabu inaharibika. Mimi huchagua moja na kuendelea na kazi.

Kuna aina kali zaidi ya tatizo hili, na inatokea sana kwenye mikutano, harusi na mahubiri yanayorekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya ukumbi. Waya wa maiki wa pini tatu hubeba sauti mara mbili, mara ya pili ikiwa imegeuzwa juu chini, ili kelele za njiani zifutwe mwishoni. Ukiuunganisha kwa adapta isiyofaa kwenye tundu la stirio la kamera, kamera inaichukua sauti ya kwanza kuwa kushoto na ile iliyogeuzwa kuwa kulia. Kwenye hedifoni msemaji anasikika, ingawa kama yuko nyuma ya kisogo chako. Kwenye simu anatoweka kabisa. Unaona mdomo unacheza, pengine unasikia mwangwi wa ukumbi na watu wakikohoa kama kulikuwa na maiki nyingine, ila maneno hakuna. Watazamaji wa kompyuta wanasifu, wa simu wanalalamika, na mwenye video anadhani simu zao ni mbovu. Tiba ni ya sekunde chache: tupa upande mmoja na uuweke uliobaki katikati, au ugeuze upande mmoja juu chini. Faili haijaharibika, hakuna haja ya kurekodi upya.

Turudi jikoni. Tumechagua maiki ya kifuani kwa sababu iko karibu na mdomo na mwangwi wa chumba umeingia kidogo. Lakini maiki ya kifuani ina kasoro zake za kuzaliwa. Iko chini ya kidevu, na sauti za juu zinazotoka mdomoni huenda mbele zaidi kuliko chini, kwa hiyo masafa ya hezi 2000 hadi 4000 yanaifikia yakiwa yamepungua. Kifua chenyewe kinaongeza mvumo karibu na hezi 700 na 800. Kanga iliyoifunika inapunguza tena za juu. Yaani maiki imepungukiwa pale ambapo konsonanti zinaishi, na imezidi pale ambapo spika ya simu inapenda kupiga kelele. Hapo ndipo ikwalaiza inapoingia.

Hatua ya kwanza ya ikwalaiza ni kukata chini. Kwa sauti ya mama huyu ninakata kila kitu chini ya hezi 100, kwa sababu sauti yake haifiki huko. Kilichoko huko ni mguso wa kanga, ngurumo za barabarani na sakafu inayotetemeka. Utauliza, kama simu haiwezi kutoa sauti hizo, kuna haja gani ya kuzikata? Haja ipo. Sauti nene hula nafasi katika kipimo hata zisiposikika, na kompresa utakayoiweka baadaye itashtuka kwa ngurumo ambayo mtazamaji haisikii, ikashusha neno ambalo alitakiwa kulisikia. Simu nyingi za sasa pia zina kinga ya ndani inayobana sauti ili spika isiungue, na nayo huamshwa na besi.

Hatua ya pili ni kupunguza lile vimbe la kifua: desibeli 3 karibu na hezi 750, kwa upana wa wastani. Ya tatu ni kurudisha kilichoibiwa na kidevu: kuinua taratibu desibeli 3, pengine 4, kuanzia hezi 2000 hadi 4000. Eneo hili ni la thamani kwa sababu ya maumbile ya sikio. Tundu la sikio lenyewe huvuma karibu na hezi 3000, na mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichapisha michoro iliyoonyesha jinsi sikio linavyosikia vizuri zaidi masafa ya kati ya juu, na jinsi sauti nene zinavyofifia upesi kuliko nyingine unapopunguza volyumu. Funzo la pili katika michoro hiyo linahusu kazi yetu moja kwa moja: ukichanganya sauti studio ikiwa imefunguliwa kwa nguvu, utasikia besi ambayo hata kwenye spika nzuri isingesikika kwa volyumu ya chini. Changanya mazungumzo kwa volyumu ya mtu anayeongea kawaida upande wa pili wa meza, au chini ya hapo.

Kuinua huko kuna bei yake, na bei ni s. Simu haina besi ya kusawazisha ukali, basi "sahani" na "usiweke" zinaanza kuchoma sikio. Wengi wakifika hapa wanarudisha nyuma kila kitu walichoinua, na uwazi unapotea tena. Kinachotakiwa ni kifaa kinachobana s peke yake, kinachosikiliza kati ya hezi 5000 na 8000 na kushusha pale tu ukali unapozidi. Desibeli 3 au 4 zinatosha. Ukizidisha, mama ataanza kusema kama mwenye kithembe, na hiyo ndiyo alama ya kurudi nyuma.

Na h je? Kwa h ikwalaiza haitoshi. Mara nyingi imekwisha kuuawa na kitu kinachoitwa geti, kile kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani ili kelele za nyuma zisisikike kati ya maneno. Geti haijui Kiswahili. Kwake pumzi ya h ni kelele kama kelele nyingine. Inafungua mlango a inapofika, h ikiwa imeshapita. Programu za kuondoa kelele zikivutwa sana hufanya vivyo hivyo. Mimi siweki geti kabisa kwenye mazungumzo ya lugha yetu. Kelele naiondoa nusu tu, naiacha nyingine, kwa sababu mtazamaji atasamehe mchakarisho mdogo wa nyuma lakini hawezi kusamehe asichokielewa. Kisha naikuza picha ya wimbi kwenye skrini mpaka naiona h ya "hatakuja": kipande kifupi chembamba kati ya o ya "yako" na a inayofuata, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nakikata kipande hicho na kukipandisha desibeli 4, kingo zake nikizilainisha ili zisitoe mlio wa kukatika. Ni kazi ya nusu dakika. Hufanyi hivyo kwa kila neno. Unafanya kwa yale machache ambayo hadithi nzima imesimama juu yake.

Muziki nao una sehemu yake katika kosa hili. Fidla na kinanda vilivyochezwa nyuma ya mama vilisikika laini studio kwa sababu besi ya kinanda ilikuwa imejaa chini na fidla zimetandazwa kushoto na kulia, mama akiwa katikati. Masikio mawili yana uwezo wa kutenganisha vitu vinavyotoka pande tofauti. Simu inaondoa uwezo huo: vyote vinatoka kwenye tundu moja, besi imebaki studio, na kilichobaki cha muziki ni zile sauti za kati na za juu, palepale penye konsonanti. Wenzetu wengi hushusha muziki wote mpaka hauna tena kazi. Kuna njia nzuri zaidi. Shusha muziki kiasi, kisha ufungue dirisha kwa ikwalaiza kwa kupunguza desibeli 5 kati ya hezi 1000 na 4000 wakati mama anazungumza tu. Akinyamaza, dirisha linafungwa na fidla zinarudi na utamu wake. Kwa kipimo cha jumla, mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu upatikanaji wa maudhui ya mtandaoni kwa watu wenye ulemavu, unataja desibeli 20 kuwa tofauti inayotakiwa kati ya maneno na sauti za nyuma, katika daraja lake la juu kabisa. Kwa tamthilia hiyo ni tofauti kubwa, na si lazima kuifikia kila dakika. Kwa sentensi kama ya mama wetu, ifikie.

Mvua juu ya mabati ni habari nyingine. Hiyo ina masafa yote kwa wakati mmoja, na hakuna dirisha la kufungua. Ikiwa mvua ilikuwa ya kweli na imeingia kwenye maiki, hakuna ikwalaiza itakayoiokoa h. Mwombe mwigizaji aseme sentensi hiyo tena usiku uleule, mvua ikishakatika, kwa maiki ileile na mwendo uleule, na uiweke mahali pake. Kama mvua iliongezwa baadaye kutoka kwenye faili, ishushe anapofungua mdomo. Hakuna mtazamaji atakayegundua.

Sasa tufike kwenye ukubwa wa sauti, mahali ambapo namba zinadanganya zaidi.

Mita ya kawaida ya programu inaonyesha vilele, yaani wimbi limefika juu kiasi gani kwa nukta moja. Kofi la mlango linaweza kuwa na kilele kikubwa kuliko hotuba nzima na bado lisisikike kuwa kubwa kwa sababu limepita haraka. Ndiyo maana mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa kipimo kinachoitwa BS.1770, kinachokadiria ukubwa jinsi sikio linavyousikia. Matokeo yake huandikwa kwa LUFS, namba hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye sauti kubwa. Televisheni za Ulaya zinatumia −23. Apple wanapendekeza −16 kwa podikasti. YouTube hushusha kilichozidi −14 hivi, lakini hakipandishi kilicho chini.

Mhariri wetu alipima kipindi chake chote cha dakika 10, akapata −15, akafurahi. Tazama kilichomo ndani. Wimbo wa ufunguzi, dakika moja, ulikuwa −12. Ugomvi wa majirani, dakika tatu, −14. Mazungumzo ya barazani, dakika tatu, −18. Jikoni, dakika tatu, −27. Kipimo hicho kimetengenezwa ili kisihesabu ukimya: hukokotoa wastani wa kwanza, kisha hutupa kila kilicho chini ya wastani huo kwa zaidi ya vizio 10. Hapa wastani wa kwanza ni karibu −16, na kikomo kinaangukia −26. Sehemu kubwa ya tukio la jikoni ikatupwa kana kwamba ni ukimya. Ile −15 inaeleza habari za wimbo na ugomvi. Ya mama haimo. Na mtazamaji wa simu, ambaye ameshusha volyumu kwa sababu ya wimbo au ameifikisha mwisho wa uwezo wa spika, hana pa kuongezea.

Kwa hiyo pima maneno peke yake, tukio kwa tukio. Kwa wanaotumia programu ya bure ya ffmpeg, amri ya kwanza hapa chini inatoa kipimo, na ya pili inatengeneza faili ya majaribio inayofanana na simu: upande mmoja tu, besi imekatwa.

```
ffmpeg -i jikoni.wav -af ebur128 -f null -
ffmpeg -i jikoni.wav -ac 1 -af "highpass=f=450" simu.wav
```

Mwisho wa majibu ya amri ya kwanza tafuta mstari unaoanza na `I:`. Hiyo ndiyo namba ya tukio zima. Angalizo moja: faili yenye upande mmoja husomeka chini kwa vizio 3 kuliko sauti ileile ikiwekwa pande zote mbili, kwa hiyo linganisha faili za aina moja.

Jikoni ilitakiwa kupanda kutoka −27 hadi −18, yaani desibeli 9. Ukiivuta yote kwa mkupuo, mchakarisho na mwangwi wa chumba vinapanda 9 pia. Ukiitwisha kompresa mzigo wote, inabana irabu, inainua pumzi, na kila baada ya sentensi chumba kinafura kama kimepuliziwa. Nilichoona kinafaa ni kugawa kazi. Kwanza kwa mkono: pitia sentensi moja moja, zile hafifu zipandishe mpaka zilingane na wenzake. Hapo unapata desibeli 4 hivi, na hii ndiyo sehemu isiyo na mbadala. Kisha kompresa ya upole, uwiano wa tatu kwa moja, inayoanza kubana baada ya milisekunde 10 na kuachia baada ya 100 au zaidi, ikishusha vilele kwa desibeli 3 au 4 tu. Hapa kompresa inafanya jambo jema ambalo kwenye spika kubwa halionekani sana: inashusha irabu zenye nguvu, na unapoirudisha volyumu, konsonanti zinapanda pamoja nayo. Zilizobaki ni za kuinua kawaida. Mwishoni limita inazuia vilele visizidi −1, kwa sababu video ikibanwa kwa ajili ya mtandao vilele huongezeka kidogo.

Waigizaji wengine huogopa kwamba mnong'ono wao ukipandishwa utageuka kelele. Haugeuki. Upole wa mama unasikika katika rangi ya sauti yake, pumzi iliyomo, kasi ya maneno. Mtazamaji anaujua mnong'ono hata ukiwa na ukubwa wa mazungumzo ya kawaida. Redio imeishi kwa ujuzi huo tangu mwanzo wake.

Upande mwingine wa kazi ni kushusha. Wimbo wa ufunguzi umekwenda −15, ugomvi −15, baraza imepandishwa hadi −16. Kipindi chote sasa kinasoma −16, yaani chini kidogo ya ile −15 ya mwanzo, na bado kinasikika wazi zaidi. Anayetaka kufika −14 ya YouTube anaweza kuongeza desibeli 2 ikiwa limita haihemi. Kupita hapo ni hasara tupu: ukipeleka −9, YouTube itakushusha 5, na utabaki na sauti iliyobanwa bila ukubwa wowote ulioupata.

Baada ya hayo yote, usijitegemee mwenyewe. Wewe unajua mama anasema nini, na ubongo unaojua maneno huyasikia hata yasipokuwepo. Mwite mtu ambaye hajasoma mswada, mpe simu ya bei nafuu, volyumu nusu, simu ikiwa imelala mezani na feni inazunguka. Usimuulize kama sauti ni nzuri. Watu wana adabu, watasema nzuri. Mwambie aandike alichosikia, sentensi kwa sentensi. Akiandika "atakuja", unajua pa kurudi, na sasa unajua mpangilio wa kutafuta: kitufe cha mono kwanza, halafu geti, halafu muziki, na volyumu mwisho. Mara nyingi tatizo linapatikana kabla hujafika kwenye volyumu.

Video ikishapanda, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha na uchague "Stats for nerds". Kwenye mstari wa sauti kuna maneno "content loudness" na namba ya desibeli. Ikiwa chanya, YouTube imekushusha kwa kiasi hicho; ikiwa hasi, uko chini ya kiwango chao na wamekuacha ulivyo. Kwa kipindi chetu cha −16 namba hiyo itakuwa karibu na −2, na hakuna haja ya kuigusa.